Tangazo lililomvutia dada Muscat na kumkera kaka Usangi

Kisa hiki ni cha tanki moja la maji la lita 5,000. Lilinunuliwa Moshi mjini na dada anayefanya kazi Muscat, likapelekwa kwa mama yake Usangi, juu milimani wilayani Mwanga, na halikuwahi kuingia hata ndoo moja ya maji. Tangazo lililomfanya anunue niliandika mimi. Mwenye duka ameniruhusu nieleze yote, isipokuwa jina la duka.

Duka lenyewe ni la vifaa vya ujenzi: saruji, nondo, mabati, gata, na matanki ambayo huku kila mtu huyaita simtanki hata yakiwa ya nembo nyingine. Januari 2025 mwenye duka aliniita kwa sababu alikuwa amegundua jambo. Wanaokuja kununua matanki makubwa mara nyingi hawanunui kwa hela yao. "Anayekuja hapa ni mjumbe," aliniambia. "Mwenye hela yuko Muscat, yuko Uingereza, yuko Marekani. Niandikie posti imfikie huyo mwenyewe." Masika huanza Machi, kwa hiyo tulikuwa na wiki sita hivi za kuuza kabla mvua haijashika.

Nikaandika hivi:

> Umechoka kutuma hela nyumbani halafu zinaliwa? Mjomba anasema saruji imepanda, kaka anasema fundi amekimbia, na mama bado anabeba ndoo kichwani! Sasa lipa moja kwa moja dukani. Simtanki lita 5,000, dola 510 tu, tunafikisha hadi mlangoni. Hakuna dalali, hakuna ndugu katikati. Karibu inbox.

Sitajifanya kwamba niliona aibu wakati ule. Posti ilitembea. Watu waliishea kwenye makundi ya Watanzania walioko nje, na komenti zikajaa vicheko na visa vya wajomba. Mwenye duka alinipigia simu usiku kunipongeza. Ila tulipohesabu maagizo yaliyolipiwa, yalikuwa mawili. Moja lilikuwa la huyu dada.

Dada hakutuma pesa siku ileile. Tulikuwa tumempa lipa namba, na yeye hutuma fedha kupitia duka la kubadilishia fedha. Pale kaunta walimwuliza jina la mpokeaji na akaunti ya benki. Lipa namba haikumsaidia kitu. Mwenye duka akampa akaunti yake binafsi. Dada akakaa kimya siku mbili. Baadaye alituambia kwamba katika siku hizo mbili alikuwa anajiuliza kwa nini tangazo lina jina la duka na pesa inakwenda kwa mwanamume asiyemjua. Alikuwa na haki. Mtu aliye mbali ana vitu vichache vya kukagua, na jina litakalotokea kwenye karatasi ya muamala ni kimojawapo. Kama halifanani na jina lililo kwenye tangazo, mteja mwerevu anaondoka, na anayebaki ni yule ambaye hakusoma.

Hatimaye alilipa. Nyumbani hakumwambia mtu. Alitaka iwe zawadi ya kushtukiza, na isitoshe tangazo lenyewe lilikuwa limemhakikishia kwamba ndugu hawahitajiki. Jambo moja tu alilifanya hadharani: chini ya posti yetu aliandika kwamba "haya mambo ya kaka na fundi sisi tunayajua." Binamu mmoja akaipiga picha komenti ile akaitupa kwenye kundi la ukoo. Kaka yake wa Usangi aliisoma kabla tanki halijatoka ghalani.

Siku ya kupeleka, kenta ilitoka Moshi ikapita Himo hadi Mwanga, kisha ikaanza kupanda. Barabara ya mwisho ni nyembamba, na ilikuwa na utelezi wa mvua ya usiku. Gari likasimama kama mita mia mbili kutoka kwenye nyumba. Zilizobaki ni njia ya miguu katikati ya migomba. Dereva akalipa vijana wanne walibebe. Tanki la plastiki la ukubwa ule si zito sana likiwa tupu, ila upana wake unakaribia mita mbili, kwa hiyo mahali pengine ilibidi wakate majani ya migomba ndipo lipite. Walipofika uani, mama hakujua ni mzigo wa nani. Kaka alikuwepo. Alisema maneno ambayo dereva alinirudia neno kwa neno: "Mimi si ndiye mla hela? Basi mzigo huu haunihusu."

Mama, kwa haya, akasema liwekwe pale chini ya mparachichi mpaka mwenyewe apigiwe simu. Palikuwa na mteremko. Hapakuwa na kitako. Hakuna aliyetia saini. Siku ya tatu upepo ulivuma, tanki tupu likaviringika likaanguka kwenye tuta la chini, likapasuka karibu na sehemu ya kutolea maji.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza juu ya neno moja nililoliandika bila kufikiri: mlangoni. Dada alisema ameahidiwa mlangoni. Mwenye duka alisema gari lilifika mwisho wa barabara na bado vijana walilipwa kubeba. Dhamana ya kiwanda haikusaidia, maana matanki haya hudhaminiwa yakiwa yamekaa juu ya kitako kilicho sawa. Na kweli haiwezekani iwe vinginevyo: lita 5,000 za maji ni tani 5, na ukiziweka juu ya jiwe moja lililochomoza, plastiki itapasuka hapohapo. Mwishowe mwenye duka alimrudishia dada nauli, akaahidi kumuuzia tanki lingine kwa bei aliyolinunulia yeye. Kwa nilivyomfahamu, huo ulikuwa uungwana. Kwa hesabu ya duka, ulikuwa hasara.

Sasa nirudi kwenye tangazo, kwa sababu nadhani hasara ile ilizaliwa humo.

Niliamini msomaji wangu ni mmoja: mtu aliye nje, mwenye kipato, aliyewahi kudanganywa. Huyo yupo, na anacheka ukimtajia mjomba na saruji. Lakini bidhaa ya namna hii haimalizikii kwake. Friji, kitanda, mabati, bima ya afya ya mzazi, ada ya shule, vyote vina mtu wa pili anayepokea, na tanki la maji linamhitaji kuliko vyote. Kuna wa kusema mahali pa kuliweka, wa kumsimamia fundi, wa kufungua geti, wa kusafisha gata majani yakijaa. Mtu huyo karibu kila mara ni yuleyule kaka, mjomba au shemeji niliyemtukana kwenye sentensi ya kwanza. Na tangazo linamfikia, maana posti ya diaspora haibaki diaspora. Njia yake ya kawaida ni kutoka kwenye kundi la walioko nje hadi kundi la ukoo, na huko ndiko aliko kaka.

Nilimpigia simu kaka mwenyewe mwezi wa Mei, kwa idhini ya dada. Nilitegemea matusi. Alinijibu kwa upole kuliko nilivyostahili. "Mdogo wangu," alisema, "hela ya gata aliyotuma 2022 niliitumia, kweli. Baba alikuwa amelazwa. Ningemwambia, angeacha kazi arudi. Baba alipofariki, nikaona aibu kuanza kueleza habari za gata." Sisemi kila hela inayopotea ina maelezo kama haya, wapo walevi na wapo wezi. Ila neno "kuliwa" linaziweka hela zote kwenye kapu moja, na mwandishi wa matangazo anayelitumia anaingia kwenye ugomvi wa familia asiyoijua, kisha anataka familia hiyohiyo impokelee mzigo.

Kosa la pili lilikuwa kuahidi kwamba hakuna kitu katikati. Tuliuza tanki na nauli, shilingi 1,250,000, tukaacha nje kila kinachofanya tanki liwe na maji. Dada alikuwa amehama miaka tisa iliyopita. Kichwani mwake nyumba ya mama ina gata upande wa mbele. Lilishaoza. Nani angemwambia, ikiwa tangazo limempa sifa kwa kutomwuliza mtu?

Kwa hiyo Septemba, kabla ya mvua za vuli, tuliandika upya. Nililisoma mbele ya mwenye duka, dereva na fundi wetu wa vitako, na kila mmoja akalikata mahali. Hili ndilo lililotoka:

> Vuli inakaribia. Kama mnataka kumwekea mzazi simtanki, ninyi mlio nje mpigieni kwanza aliye nyumbani, mmwulize mambo matatu. Kenta inaweza kufika umbali gani na nyumba? Bati linamwaga maji upande mmoja au pande mbili, na gata lipo? Karibu na ukuta kuna mahali tambarare pa upana wa hatua tatu?
>
> Tutumieni majibu na picha. Tutawapa bei moja ya shilingi kwa kazi nzima: kitako, gata, tanki lita 5,000, usafiri hadi juu ya kitako. Mnalipa mara mbili: kwanza kitako na gata, tanki mnalipia mkishaona picha ya kitako kilichokauka. Mzigo atapokea mtu mtakayemtaja ninyi, naye ndiye atakayetia saini. Akaunti ya benki ina jina la duka. Simu: saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, saa za Tanzania.

Tazama kwanza jinsi lilivyo na "ninyi" badala ya "wewe". Tangazo la kwanza lilimvuta mtu mmoja pembeni na kumnong'oneza juu ya ndugu zake. Hili linasema na nyumba nzima, na kaka akilisoma hakuna neno la kumchoma. Mwenye duka aliliona hilo ni jambo dogo la lugha. Mimi naona ndilo lililobeba mengine yote, maana ukishaandika "ninyi" huwezi tena kuendelea na habari za mjomba mwizi. Sentensi yenyewe inakataa.

Maswali matatu ndiyo moyo wa tangazo, na yamechaguliwa kwa kusudi. Hakuna hata moja ambalo aliye Muscat au Minnesota anaweza kulijibu kwa kumbukumbu. Lazima apige simu. Akishapiga, siri imekwisha, na mtu wa nyumbani amepewa kazi ambayo yeye pekee anaiweza: kupima, kupiga picha, kusema ukweli wa barabara. Fundi ndiye aliyependekeza "hatua tatu" badala ya vipimo vya mita, kwa kuwa mama mzee hana futikamba, na hatua tatu zinatosha kitako chenye nafasi ya kuzunguka.

Swali la bati nalo linaamua kama tanki la ukubwa ule lina maana. Chukua nyumba ya mita 10 kwa 8. Ikitazamwa kutoka juu, bati linafunika mita za mraba 80, lakini gata likiwa upande mmoja tu unavuna nusu yake, yaani 40. Kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua nzuri ya milimita 25 itakupa lita 1,000, na baada ya kinachoruka pembeni na kinacholowesha bati, hesabu kama 800. Utahitaji mvua sita au saba za namna hiyo kujaza tanki. Ukiweka gata pande zote mbili, zinatosha tatu au nne. Tulikuwa na wateja wawili ambao tuliwashauri wachukue tanki la lita 2,000 na kuongeza gata, kwa sababu bati lao lilikuwa dogo. Mauzo yalipungua kidogo hapo.

Kulipa mara mbili kulitokana na kisa cha mparachichi. Kwa kazi ya dada, hesabu mpya ilikuwa kitako 390,000 na gata pamoja na bomba 210,000, kwa hiyo awamu ya kwanza ilikuwa 600,000. Zege likishamwagwa linamwagiliwa maji kama wiki nzima ndipo libebe mzigo, na wiki hiyo ni zawadi kwa mteja: anapata picha ya kitu kilichojengwa kabla hajatoa sehemu kubwa. Kitako hakiwezi kuchukuliwa na mtu kikauzwa. Kama picha haiji, amepoteza kidogo na amejua mapema. Awamu ya pili ingekuwa 1,250,000, jumla 1,850,000, lakini kwa dada tuliipunguza kulingana na ile ahadi ya mwenye duka.

Bei ya shilingi haikuwa uamuzi wetu peke yetu. Kanuni zilizotangazwa 28 Machi 2025 zinakataza kutaja au kutangaza bei ya bidhaa na huduma za ndani ya Tanzania kwa fedha za kigeni, isipokuwa mambo machache yaliyotajwa humo. Ile "dola 510" yangu ya Januari leo ingekuwa kosa, hata kama msomaji yuko nje. Mwanzoni tulidhani wateja watalalamika. Hawakulalamika, watu hawa hubadilisha fedha kila mwezi na wanajua kiwango cha siku kuliko sisi. Walichotaka ni kujua bei itadumu mpaka lini, nasi tukaanza kuandika tarehe ya mwisho kwenye kila ankara.

Kuhusu picha, tulibadilika pia. Mwenye duka alipenda picha ya mama akicheka pembeni ya tanki jipya, na ni kweli inauza. Kaka ndiye aliyenifungua macho: mama yake ni mjane anayelala peke yake, na picha kama ile inatangaza kwamba ana mtoto nje na ua wake una vitu. Zaidi ya hayo, tangu 2023 sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inafanya kazi nchini, na kuitumia sura ya mtu kwenye tangazo bila ridhaa yake ni kujitafutia kesi. Sasa picha ya makabidhiano inakwenda kwa mlipaji na mpokeaji tu. Kwenye posti tunaweka kitako, gata na muungano wa bomba, vitu ambavyo fundi mwingine akiviona anajua kazi ni ya kweli.

Picha hizo nazo ziliibwa, nadhani mwezi wa Oktoba. Mtu alichukua posti yetu nzima akabadilisha namba ya simu. Tulijua baada ya binti mmoja wa Uingereza kutuuliza kwa nini tuna namba mbili. Alichotusaidia ni kuwa aliomba risiti ya EFD ya mauzo yoyote ya karibuni, akaingiza namba yake ya uhakiki kwenye `verify.tra.go.tz`, na jina la duka likatokea. Yule mwingine alimpa visingizio. Tukaongeza maelezo hayo kwenye ujumbe wa kwanza tunaomtumia kila mteja, pamoja na tahadhari moja: risiti inathibitisha kwamba duka lipo na mauzo yameandikwa. Haithibitishi kwamba tanki limefika Usangi. Hilo linathibitishwa na mtu aliyetia saini, na ndiyo maana jina lake analichagua mlipaji.

Na saa. Kwenye rasimu tuliandika "piga saa 2 hadi 12", ikatosha kwa Muscat, ambako tofauti ni saa moja na Kiswahili cha saa kinaeleweka. Kijana aliyekulia Minnesota alituamsha saa 8 usiku. Kwake "saa 2" ni mbili ya kwenye saa ya ukutani.

Posti ya pili haikuchekesha mtu. Ilisheiwa mara chache, na komenti zilikuwa maswali makavu kuhusu kenta na gata. Maagizo yaliyolipiwa yalizidi yale ya Januari, ingawa sitaki kulisifia tangazo peke yake; watu walikuwa wametoka kwenye kiangazi. Pia tulipoteza wateja. Wapo wanaotaka kununua kwa siri kwa sababu nzuri kabisa, hasa pale mzazi anapoishi na ndugu anayemnyanyasa, na maswali yetu matatu yanawafungia mlango. Kwa hao bado hatuna tangazo. Wakituandikia, mwenye duka huwauliza kama kuna jirani au kiongozi wa dini wanayemwamini apokee, na mara nyingine mazungumzo yanaishia hapo.

Dada alilipia awamu ya kwanza Septemba. Kaka alichimba msingi wa kitako mwenyewe na kukata gharama ya kibarua, akatia saini, na tanki likapanda mlima mara ya pili, safari hii likiwa na kamba na watu waliokuwa wanalisubiri. Mwisho wa Novemba simu iliita dukani kutoka Usangi. Alikuwa kaka, anauliza gata la upande wa pili ni bei gani, na kama tunaweza kuituma ankara moja kwake na nakala Muscat.